Keki ya maziwa matatu: namna ya kuinywesha ilowe sawasawa, chini isigeuke uji

Mara ya kwanza niliyopeleka treya ya keki hii kwenye shughuli ya watu, juu ilikuwa nzuri ajabu. Malai meupe, iliki imenyunyizwa, vipande vya lozi vimepangwa. Mamkubwa akachukua kisu, akakata mraba wa kwanza, akainua. Nusu ya juu ikaja na kijiko, nusu ya chini ikabaki kwenye treya ikielea. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, hii ni keki au uji wa ngano?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini usiku ule sikulala vizuri.

Kosa nililojidhania ni kwamba nimeweka maziwa mengi. Mara ya pili nikapunguza, na keki ikatoka kavu juu na bado imelowa chini. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tatizo si wingi wa maziwa peke yake. Ni keki yenyewe ilivyo ndani, na ni njia ambayo maziwa yanapita kushuka. Mwongozo huu unahusu mambo hayo mawili.

Kwa asiyeifahamu, hii ni ile keki ya Amerika ya Kilatini inayoitwa tres leches, yaani maziwa matatu. Wamexico na Wanikaragua kila mmoja anadai ni yake. Waturuki nao wana yao yenye karameli juu, na huku kwetu Pwani, kama ilivyo Ghuba, tunaitia zafarani na iliki na kuiita keki ya maziwa tu. Maziwa matatu ni maziwa mazito matamu ya kopo, maziwa ya kopo yasiyo na sukari, na malai au maziwa mabichi yaliyochemshwa.

Vipimo vya treya moja

Treya yangu ni ya sentimita 23 kwa 33. Kwa keki natumia mayai 5, sukari gramu 150, unga wa ngano gramu 130, kijiko kimoja cha chai cha beking pauda, maziwa mililita 80, vanila na chumvi kidogo sana. Hakuna siagi, hakuna mafuta. Siyo ubahili. Mafuta huifunika keki ndani, na keki iliyofunikwa na mafuta hainywi haraka. Ukiimwagia maziwa, yanateleza yanakwenda chini. Keki ya mayai matupu, ukiila bila maziwa, ni kavu na inakwama kooni. Ndivyo tunavyoitaka: ni sifongo inayosubiri maji.

Kwa maziwa: kopo moja la maziwa mazito matamu la gramu 397, kopo moja kubwa la maziwa yasiyo na sukari la gramu 410, na malai ya maji au maziwa freshi mililita 200. Jumla yake ni kama kilo moja. Usishtuke, haiingii yote kwenye keki. Nitafika hapo.

Wa Pwani wataniuliza kuhusu tui la nazi. Linafaa, lakini lisizidi mililita 100, na lichukue nafasi ya nusu ya malai. Mafuta ya nazi huganda kwenye friji, kwa hiyo tui zito likiwa jingi keki inakuwa na vipande vyeupe vigumu kama nta, na maziwa mengine hayapiti.

Kuipika keki

Tenganisha mayai. Piga viini na gramu 100 za sukari mpaka viwe vyeupe na vizito, kama dakika tano kwa mashine. Tia maziwa mililita 80 na vanila, koroga. Kwenye bakuli jingine safi, piga ute pamoja na chumvi mpaka uwe povu, kisha ongeza zile gramu 50 zilizobaki kidogo kidogo. Simamisha mashine pale ambapo ukiinua mchapo, ncha ya povu inasimama lakini kichwa chake kinainama. Ukiupiga ute mpaka uwe mkavu na kukatikakatika, hautachanganyika na viini ila kwa kulazimishwa, na kulazimisha ndiko kunakoua hewa uliyoitafuta.

Chekecha unga na beking pauda juu ya viini, changanya kwa mwiko hadi usionekane. Kisha tia vijiko viwili vitatu vya povu, koroga bila huruma ili mchanganyiko ulainike. Povu lililobaki liingize kwa mara mbili, sasa kwa upole: mwiko uende mpaka chini kabisa ya bakuli, upande ubavuni, ugeuke juu. Mpaka chini kabisa, narudia. Maziwa na viini ni vizito kuliko povu, hivyo hukaa kwenye tako la bakuli bila wewe kuona. Mchanganyiko ule mzito ukiumwaga mwishoni kwenye treya, unazama na kuiva kama tabaka la njano, linalong'aa, lenye mvuto wa mpira.

Tabaka hilo ndilo mshitakiwa wa kwanza kila mtu anapoleta malalamiko ya keki iliyolowa chini. Halina vitundu, kwa hiyo halinywi. Maziwa yakishuka yanagonga hapo, yanasimama, na keki laini iliyo juu yake inakaa kwenye dimbwi mpaka inasambaratika. Unaweza kupunguza maziwa upendavyo, dimbwi litakuwepo. Mimi nikifika mwisho wa bakuli nikaona mchanganyiko umekuwa wa maji, siumwagi. Vijiko viwili vya hasara ni nafuu kuliko treya nzima.

Weka karatasi ya kuokea chini ya treya tu. Ubavuni usipake kitu, ili keki ipate pa kushikilia inapopanda. Oka kwa nyuzi 175 za Selsiasi, kama dakika 25. Kijiti kikitoka kikavu, usikimbilie kuitoa; iache dakika mbili zaidi, mpaka uone kingo zimeanza kuachana na treya na ukibonyeza katikati inarudi yenyewe. Keki ya chai ukiizidisha hivi utaiharibu, lakini hii inataka uti wa mgongo.

Ipindue uione chini

Watu wengi huimwagia maziwa humo humo kwenye treya bila kuitoa. Mimi naitoa. Ikishapoa kidogo, dakika kumi hivi, pitisha kisu kingoni na uipindue juu ya kitambaa safi cha jikoni. Kuna faida mbili.

Ya kwanza, unaiona chini. Bandua karatasi na upitishe kidole. Ukikuta lile tabaka la mpira, chukua kisu cha mkate ulikate lote, hata kama ni milimita tano. Keki itakuwa fupi kidogo, hakuna atakayejua.

Ya pili ni ngozi. Juu ya keki ya sponji kuna utando wa kahawia, mwembamba, unaonata ukiwa bado na joto. Ule utando ni kama koti la mvua: maziwa yanateleza juu yake, yanakimbilia kingoni, yanaingia kwenye upenyo kati ya keki na treya na kufika chini kabla ya katikati kupata hata tone. Keki ikiwa imelalia kitambaa ikiwa vuguvugu, utando mwingi unabaki kwenye kitambaa. Uliobaki usugue kwa kiganja, utatoka kwa vipande kama ngozi iliyounguzwa na jua.

Sasa iache ipoe kabisa. Wapo wanaomwagia ikiwa ya moto, na najua kwa nini: maziwa yanaingia upesi. Lakini keki ya mayai ikiwa na moto bado haijajishika, na ukiitia kilo ya maziwa wakati huo inajikunja na kuzama katikati. Mimi nangoja saa moja. Ninachopasha ni maziwa.

Kupima: hapa ndipo wengi wanapokisia

Ipime keki tupu kwenye mizani. Kwa vipimo nilivyotoa, keki yangu ya juzi ilitoka gramu 550. Kwa jikoni kwangu, keki ya mayai isiyo na mafuta inabeba vizuri maziwa ya uzito wake mara moja na theluthi hivi. Uzito sawa kwa sawa unatoa keki yenye unyevu ambayo mgeni ataisifu, lakini mwenye kuijua atasema haijalowa. Ukipita mara moja na nusu, hata keki nzuri inaanza kuachia maziwa chini.

Kwa hiyo: 550 mara 1.3 ni gramu 715. Katika ile kilo ya maziwa, gramu 715 zinaingia kwenye keki na zilizobaki, karibu 290, zinakaa kwenye jagi friji. Hizo humiminwa pembeni mwa kipande kikiwa tayari kwenye sahani. Anayependa mchuzi atapata mchuzi, na keki haibebi mzigo usio wake usiku kucha.

Maelezo mengi ya mapishi yanakwambia umwage makopo yote. Kama keki yako ni nzito zaidi, ya mayai saba au nane, yatafaa. Kwa hii ya mayai matano ndiyo uji wa mamkubwa.

Kama umetumia keki ya siagi, au ya pakiti yenye mafuta, usivuke uzito sawa kwa sawa, na uipe muda mara mbili.

Kuchanganya maziwa

Maziwa mazito matamu ni mazito kweli, mililita 300 tu zina gramu karibu 400. Ukiyamimina kwenye jagi na kukoroga mara mbili kwa kijiko, yanalala chini. Matokeo yake mizunguko ya kwanza ya kumwagia inakuwa maziwa mepesi yasiyo na ladha, na mzunguko wa mwisho ni gundi tamu inayokaa juu ya keki bila kuingia. Anza na maziwa mazito kwenye bakuli, ongeza mepesi kidogo kidogo huku unakoroga kwa mchapo, na ukishamaliza gusa chini ya bakuli kwa kijiko uhakikishe hakuna kilicholala.

Kisha yapashe mpaka yawe vuguvugu, ya kuweza kumpa mtoto. Yakiwa vuguvugu yanakuwa mepesi na yanapenya; yakitoka friji ni mazito, yanazubaa juu. Yasichemke, maana yatafunga utando na vipande vyake vitaziba vitundu. Kama unatia zafarani, loweka nyuzi kumi hivi kwenye maziwa vuguvugu haya haya kwa robo saa. Iliki iwe ya unga laini iliyochekechwa, chenga zake zinabaki juu kama mchanga.

Kutoboa na kumwagia

Rudisha keki kwenye treya iliyooshwa na kukaushwa, upande uliokuwa juu ukae juu. Chukua kijiti cha mishikaki. Pima urefu wa keki kwa ubavuni, mara nyingi ni sentimita nne, halafu funga utepe au mpira wa nywele kwenye kijiti kwenye sentimita tatu kutoka nchani. Toboa keki yote, tundu moja kila upana wa vidole viwili, na utepe ukigusa keki unasimama.

Huo utepe watu wanaucheka. Lakini tundu linalofika chini ni bomba. Maziwa hayana sababu ya kutambaa ndani ya keki wakati kuna njia iliyonyooka mpaka kwenye treya. Uma ni mbaya zaidi, maana mtu anautumbukiza mpaka asikie chuma kinagusa chuma. Tundu likiishia sentimita moja kabla ya chini, maziwa yanajaa humo, yanakosa pa kwenda, na yanaingia ubavuni.

Weka treya pamoja na keki juu ya mizani, isomeke sifuri. Sasa miminia kwa mizunguko mitatu:

1. Gramu 300. Tumia upawa mdogo au jagi lenye mdomo mwembamba, na uanzie vidole viwili ndani kutoka kingoni, ukizunguka kwenda katikati. Usimimine kwenye ule upenyo wa ubavuni. Ngoja dakika 10. Uso wa keki utang'aa, kisha mng'ao utafifia; ukififia ndiyo ruhusa ya kuendelea.
2. Gramu 250. Safari hii anza na pembe nne, kwa kijiko, kwa sababu pembe ndizo zilizooka zaidi na ndizo kavu kuliko kwingine. Ngoja dakika 15 hadi 20.
3. Gramu 165 zilizobaki, kidogo kidogo, ukilenga panapoonekana peupe. Ngoja nusu saa.

Baada ya nusu saa, inua upande mmoja wa treya kwa upana wa vidole vitatu na uangalie pembe ya chini. Vijiko viwili vya maziwa vikikusanyika hapo, hakuna tatizo, usiku vitanyweka. Kama kunakusanyika kikombe, keki imekataa, na kuongeza hata tone ni kujidanganya. Kama hapana kitu kabisa na keki ukiibonyeza kwa kidole hailii, ongeza gramu 50 kutoka kwenye jagi na ujaribu tena.

Kumbuka kwamba wakati huu keki bado haijalowa sawasawa hata ukifanya kila kitu vizuri. Chini pana maziwa zaidi kuliko juu, kwa sababu maji hushuka. Kinachosawazisha ni muda: sehemu kavu inavuta kutoka kwa iliyolowa, polepole, hata kupanda juu. Funika, tia friji, saa nne kwa uchache. Mimi huilaza usiku mzima, na keki ya saa nne ukiilinganisha na ya asubuhi utadhani zimepikwa na watu wawili.

Ikiharibika

Mambo matatu hutokea, na kila moja lina dalili yake.

Ukikata kipande ukaona mstari mkavu mweupe katikati, huku juu na chini pamelowa, matundu yalikuwa mafupi mno au machache. Toboa tena palipo pakavu, pasha maziwa ya jagi, tia kwa kijiko tundu kwa tundu, urudishe friji saa mbili. Inapona kabisa.

Ukikuta dimbwi chini lakini keki yenyewe imeshikana, inamisha treya, vuta maziwa kwa bomba la sindano safi lisilo na sindano au kwa kijiko, uyarudishe juu baada ya saa moja kama juu panataka. Nayo inapona.

Chini ikishakuwa uji, haiponi. Usipoteze muda. Chota kwa kijiko, panga kwenye vikombe vya glasi kwa tabaka, keki, malai, embe iliyokatwa ndogo, na uipe jina jingine. Nimeshauza hiyo, na walirudi kuuliza kama bado ipo.

Malai ya juu na safari

Malai ya juu yapigwe na kupakwa siku ya kula, keki ikiwa baridi. Ukiyapaka usiku ule ule yanaachia maji, na maji hayo yanashuka kwenye keki uliyoipimia kwa gramu. Sukari ndani ya malai iwe kijiko kimoja cha mezani au isiwepo, utamu umeshatosha.

Keki isikae nje zaidi ya saa mbili, na kwa joto la Mombasa au Dar mwezi wa pili mimi naiacha nje saa moja tu. Kwenye friji inakaa siku tatu. Siku ya pili ndiyo tamu zaidi.

Ya kupeleka kwa watu nailowesha jana yake, kamwe si siku ile ile, kwa sababu maziwa yakiwa hayajatulia kila tuta la barabarani linayasukuma chini. Naiweka sakafuni mwa gari, siyo juu ya kiti kilichoinama. Jagi la maziwa yaliyobaki linakuja peke yake na kifuniko chake, na nikifika ninampa mwenye nyumba mkononi na kumwambia: hili ni la mezani, usimwagie treya nzima hata wakikuomba.